Laki na nusu inayogeuka elfu sitini: kuthamini chakula na malazi ya dada wa kazi

Kuna hesabu inayofanyika kila mwisho wa mwezi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na mara nyingi anayeifanya haoni kasoro yoyote ndani yake. Dada wa kazi aliahidiwa laki na nusu, kula na kulala ndani. Mwezi unapoisha anaitwa sebuleni, anaambiwa chakula ni elfu sabini, chumba elfu ishirini, kwa hiyo kilichobaki ni elfu sitini. Akiuliza anajibiwa kwamba hata serikali imesema wa kulala ndani ni elfu sitini. Anazipokea, anashukuru, anarudi jikoni.

Jibu hilo limejengwa juu ya jambo la kweli, ndiyo maana ni gumu kulipinga. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Januari 2023, iliwagawa wafanyakazi wa nyumbani katika mafungu manne. Wa kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa walipangiwa shilingi 250,000 kwa mwezi, na wa kwa maofisa wenye stahili ya kuwekewa mfanyakazi wa nyumbani shilingi 200,000. Waliobaki, ambao ndio wengi, waligawanywa kwa kigezo kimoja tu: asiyelala kwa mwajiri shilingi 120,000, anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000. Tangu Januari 2026 kuna amri mpya iliyopandisha viwango vya sekta binafsi. Mimi nitatumia vile vya 2023 kwa sababu mfano nitakaoufuata ni wa mwaka 2024, na njia ya kukokotoa ni ileile kwa kiwango chochote.

Tazama pengo kati ya yale mafungu mawili ya mwisho. Kazi ni ileile, saa zinazotakiwa kisheria ni zilezile, tofauti ni kitanda na sahani. Shilingi 120,000 ukitoa 60,000 unabaki na 60,000, na hiyo ndiyo thamani ambayo amri imeipa kula na kulala, vyote kwa pamoja, kwa mfanyakazi wa kiwango cha chini kabisa. Amri ya 2013 iliyotangulia ilikuwa na sura hiyohiyo kwa viwango vidogo: 80,000 kwa anayetoka nje, 40,000 kwa anayelala ndani. Nusu kwa nusu.

Kabla ya hapo utaratibu ulikuwa mwingine. Kwa dada wa nyumba za kawaida Amri ya 2010 iliweka mshahara mmoja wa shilingi 65,000, kisha ikamruhusu mwajiri anayetoa malazi, chakula na huduma nyingine kukata hadi asilimia 68. Ukikata yote iliyoruhusiwa, 44,200, mfanyakazi anabaki na 20,800 mkononi. Mfumo ule ulimpa mwajiri mkasi na kumwonyesha mwisho wa kukata. Ule wa 2013 na wa 2022 uliuchukua mkasi: makato yalishafanyika ndani ya amri yenyewe, na kiwango cha anayelala ndani ni kile kinachobaki baada ya chakula na malazi kuhesabiwa. Naamini vurugu nyingi tunazoziona leo zinatokana na hapo. Watu wanatumia kiwango cha 2023 kwa mazoea ya 2010. Wanachukua elfu sitini, ambayo ni pesa iliyokwisha kutolewa chakula, na kuifanya ruhusa ya kukata mshahara wowote waliouahidi mpaka ufike hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina mlango wa namna hiyo. Inasema mwajiri asikate kitu kwenye ujira isipokuwa kinachotakiwa au kuruhusiwa na sheria nyingine, mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, hukumu ya mahakama au tuzo ya usuluhishi. Au mfanyakazi mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Ugali alioupika na kuula mezani kwako si deni. Kama uliahidi laki na nusu taslimu, pamoja na kula na kulala, basi laki na nusu ndiyo inayodaiwa, na kwamba kima cha chini ni elfu sitini hakukusaidii. Kima cha chini ni sakafu. Mkataba ukishapanda juu yake, unaodaiwa ni mkataba.

Hata hivyo sitaki nimfanye kila mwajiri kuwa mkorofi. Wapo waliokusudia toka mwanzo kwamba laki na nusu iwe thamani ya jumla, fedha na chakula pamoja, na walisema hivyo siku ya makubaliano. Sheria inalikubali hilo. Inatafsiri ujira kuwa jumla ya thamani ya malipo yote, kwa fedha au kwa vitu, yanayotokana na ajira. Pia inamtaka mwajiri, anapompa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, aandike ujira, namna unavyokokotolewa, na malipo yoyote yasiyo ya fedha. Kwa hiyo swali la haki kwa mwajiri huyu ni hili: hiyo elfu tisini uliyoiita chakula na chumba uliipataje?

Tuifuate nyumba moja ya mfano hatua kwa hatua. Ipo Kimara, mwaka 2024. Baba na mama wote wameajiriwa mjini, watoto wawili wana miaka minne na saba, na dada ana miaka ishirini na miwili, ametoka Iringa. Mama wa nyumba ni mtu makini na ana daftari la matumizi. Mwezi mmoja chakula, gesi na mkaa viligharimu shilingi 424,800. Ile elfu sabini aliipata kwa kuhisi tu, akaona ni ndogo kuliko mgawo wa kichwa kimoja kati ya watano, ambao ungefika karibu 85,000. Alidhani amemhurumia.

Kosa la kwanza la mgawo wa vichwa ni kwamba ndani ya 424,800 kuna vitu ambavyo dada havigusi. Maziwa ya mtoto, juisi na biskuti za shule, soda za wageni wa Jumapili. Daftari linaonyesha vimefika elfu sitini, na vinatolewa kwanza. Kinabaki 364,800 kama gharama ya chungu cha pamoja.

Kosa la pili ni kuhesabu watu badala ya milo. Wazazi hawali mchana nyumbani siku za kazi, na dada anatoka siku yake ya mapumziko kila wiki. Hesabu ya milo inakwenda hivi. Dada anakula mara tatu kwa siku, siku ishirini na sita, ambayo ni milo 78. Kila mzazi anakula mara mbili katika siku 22 za kazi na mara tatu katika siku nane za mapumziko, ni milo 68, wawili 136. Watoto wanakula mara tatu kwa siku zote thelathini, lakini sahani ya mtoto tuichukue kuwa nusu ya mtu mzima, hivyo wawili kwa pamoja wanafikisha milo 90. Jumla ni 304. Gawanya 364,800 kwa 304, mlo mmoja unagharimu shilingi 1,200. Mara 78, sehemu ya dada inakuwa 93,600.

Hapo mama wa nyumba anaweza kusema: umeona, mimi nilikata sabini tu. Na ni kweli kwamba hesabu safi ya mgawo imemtetea. Nimeiweka makusudi ili ionekane kwamba kuthamini vizuri si lazima kumpendelee mfanyakazi kila mahali. Lakini hesabu hii imebeba dhana moja inayostahili kupimwa, kwamba gharama ya chungu inapanda sawasawa na idadi ya wanaokula. Haipandi hivyo. Maharage ya watu wanne na maharage ya watu watano yanachemka kwa gesi ileile. Kitunguu, mafuta na nazi vinaongezeka kidogo sana. Chai ya asubuhi aliyokunywa dada kwa maandazi mawili huku amesimama haigharimu sawa na mlo wa jioni wenye samaki.

Kipimo cha pili kinapatikana kwenye daftari hilohilo. Dada alipokwenda likizo mwezi wa Desemba, chungu cha pamoja kilishuka kutoka 364,800 hadi 304,800, milo ya wengine ikiwa ileile. Nyumba iliokoa shilingi 60,000. Hiyo ndiyo gharama ambayo uwepo wake mezani uliiongezea familia. Njia zote mbili, ya mgawo na ya kilichookolewa, zinatokana na bei halisi ya vyakula, na zote zinaweza kutetewa. Mimi nachagua ya pili, na sababu yangu ni kwamba dada hachagui kinachopikwa, hachagui kinanunuliwa wapi, wala hana uwezo wa kusema wiki hii nitajinyima ili nibaki na fedha. Mtu asiye na uchaguzi kwenye bili hapaswi kubebeshwa mgawo kamili wa bili.

Njia ya tatu, ambayo waajiri wengi huirukia, ni bei ya mama lishe. Wanasema: angekula nje sahani moja ingekuwa elfu mbili, mara mbili kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Hii haifai kabisa katika nyumba ambayo dada ndiye mpishi. Ndani ya elfu mbili ya mama lishe kuna jasho la kuamka alfajiri, kuchambua mchele, kukuna nazi na kuosha vyombo, na kuna faida yake. Katika nyumba ya Kimara jasho hilo limetolewa na dada mwenyewe. Ukimtoza bei ya mgahawa unamtoza kazi yake mwenyewe, kazi ambayo mshahara wake ndio unaojadiliwa.

Twende kwenye chumba. Hapa uamuzi unategemea maswali machache ya macho tu. Je, kina mlango unaofungwa kwa ndani? Ni chake peke yake? Kina dirisha? Anaweza kukaa humo saa zake za mapumziko bila kuitwa? Katika nyumba yetu, dada analala chumba cha watoto, kwenye godoro karibu na kitanda cha yule wa miaka minne, na mtoto akilia usiku yeye ndiye anayeamka. Mama wa nyumba alikata elfu ishirini kwa kuangalia kwamba chumba cha kupanga mtaani kwao ni elfu hamsini, akaona kuna punguzo kubwa. Lakini anachokipata dada hakifanani na chumba cha kupanga kwa lolote. Hawezi kumleta ndugu yake, hawezi kuufunga mlango, na kulala kwake pale kunaihudumia familia kuliko kunavyomhudumia yeye. Thamani ninayoiweka ni sifuri.

Sijaitoa kichwani tu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani, unataka malipo ya vitu yawe sehemu ndogo tu ya ujira, yakubaliwe na mfanyakazi, yawe ya matumizi na manufaa yake binafsi, na thamani yake iwe ya haki. Pendekezo namba 201 linaloandamana nao linakwenda mbali zaidi: mfanyakazi anapotakiwa kuishi kwenye nyumba ya mwajiri, asikatwe chochote kwa ajili ya malazi hayo isipokuwa amekubali mwenyewe. Linaongeza kwamba vifaa vya kazi na sare, pamoja na kuvifua, si malipo. Kwa hiyo aproni, glavu za kufulia na sabuni ya kuoshea vyombo vyako haviingii kwenye hesabu. Sabuni ya kuogea na mafuta ya mwilini yanaweza kuingia mkikubaliana, kwa bei ya dukani. Dada huyu angekuwa na chumba chake nje, chenye ufunguo na choo, ningekubali kukithamini, pengine kwa nusu ya kodi ya mtaani, kwa sababu bado hakuchagua kuishi hapo.

Wakenya wamelishika suala hili kwa upande wa pili kabisa. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri kutoa malazi yanayofaa kwa gharama yake au kulipa fedha ya kutosha kwa kodi, juu ya mshahara. Anayelala nje anaongezewa asilimia 15 ya kima cha chini kama posho ya nyumba. Anayelala ndani haongezewi, na mshahara wake wa msingi hauguswi. Chakula, kikishakubaliwa kwenye mkataba, kinakuwa gharama ya mwajiri. Kwa amri iliyoanza Novemba 2024, dada wa Nairobi anayelala ndani alistahili kiwango kilekile cha msingi cha shilingi 16,113.75 za Kenya na mwenzake anayetoka nje, na tofauti yao ilikuwa posho ya shilingi 2,417 hivi. Kwetu, kwa viwango vya 2023, tofauti ilikuwa nusu ya mshahara. Naona mpangilio wa Kenya ni wa haki zaidi, ingawa najua pia kwamba kiwango kikubwa kwenye karatasi huweza kupuuzwa nyumbani kirahisi kuliko kidogo.

Turudi Kimara tufunge hesabu. Chakula ni 60,000, chumba sifuri. Kama makubaliano yalikuwa laki na nusu kwa jumla, fedha ya mkononi ni 90,000. Dada alipewa 60,000, hivyo kila mwezi alipunjwa 30,000. Kama makubaliano yalikuwa laki na nusu taslimu, alipunjwa 90,000. Katika hali zote mbili nyumba haikushuka chini ya kima cha chini, na katika zote mbili ilivunja makubaliano. Zingatia pia kwamba sehemu ya vitu ya 60,000 inalingana na ile ambayo amri yenyewe iliiweka kati ya anayelala ndani na anayetoka nje. Ndiyo kipimo changu cha haraka: mwajiri akileta thamani inayozidi pengo hilo, alete na daftari.

Kama familia uwezo wake ni elfu sitini taslimu na si zaidi, iseme elfu sitini tangu siku ya kwanza. Kwa viwango vya wakati ule ni halali. Dada atajua anachokubali, na pengine atakikataa akatafute kwingine, jambo ambalo ni haki yake. Ahadi ya laki na nusu inayopunguzwa sebuleni inamnyima nafasi hiyo, maana anaijua hesabu akiwa ameshasafiri kutoka Iringa na nauli imeisha.

Mahali ambapo makosa haya hujificha zaidi ni kwenye likizo. Mfanyakazi ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka, na anapaswa kulipwa alichokuwa alipwe kama angekuwa kazini, kabla hajaondoka. Desemba dada anakwenda kwao, siku 28 zote anakula kwa mama yake, halafu anaporudi anakuta amekatwa chakula kama kawaida. Chakula ambacho hakikutolewa hakikatwi. Kama ujira wa jumla ni laki na nusu, mwezi wa likizo anapokea laki na nusu taslimu, kwa sababu ile sehemu ya vitu haikumfikia. Ndiyo maana napenda thamani iandikwe kwa mlo. Katika mfano wetu 60,000 kwa milo 78 ni karibu shilingi 770 kwa mlo, na ikitokea kaumwa akapelekwa kwa shangazi wiki nzima, kila mtu anajua cha kurudisha. Familia ikisafiri kwenda Moshi na kumwachia nyumba, kilichoachwa kabatini au fedha aliyoachiwa ndiyo thamani ya siku hizo, hata kama ni ndogo kuliko kawaida. Kilichopungua kinaongezwa kwenye fedha.

Sahani na glasi zilizovunjika ni suala jingine ambalo huchanganywa na hili. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara iliyosababishwa na kosa la mfanyakazi kazini, lakini awe ameridhia kwa maandishi, awe amepewa nafasi ya kujieleza, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Robo hiyo inapigwa kwenye fedha peke yake. Kwa dada mwenye 90,000 taslimu, mwisho ni 22,500, hata kama thamani ya ujira wake wote ni laki na nusu.

Karatasi zinazohitajika ni chache. Maelezo ya ajira ya ukurasa mmoja, yasomwe na kuelezwa kama dada hasomi vizuri, yakiwa na mistari ya namna hii: ujira wa jumla 150,000; chakula 60,000, milo mitatu kwa siku anazokuwepo; malazi, hakuna thamani inayohesabiwa; fedha taslimu 90,000. Kisha kila mwezi hati ndogo ya malipo yenye tarakimu hizohizo, pamoja na siku ambazo hakula nyumbani. Mfanyakazi akipeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri hana maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wa mwajiri. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 60, na chama cha CHODAWU kinachosimamia wafanyakazi wa majumbani kinaweza kumsindikiza.

Jambo moja nimelikuta zaidi ya nyumba moja na ninalichukia: daftari ambalo dada anatia dole gumba kwamba amepokea 150,000, huku mkononi ana 60,000. Mwajiri anaeleza kwamba nyingine dada ameshaila. Sheria inakataza waziwazi kumtaka mfanyakazi akiri kupokea kiasi kikubwa kuliko alichopewa. Ukitaka 150,000 ionekane, igawe katika safu mbili, ya fedha na ya vitu, na dole liwe kwenye safu ya fedha.

Nini hubadilika baadaye kwa mgawanyo huu? Fikiria amefanya kazi miaka mitatu na familia inamwachisha kwa sababu watoto wamekua. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki. Mwajiri akitumia 60,000 kwa wiki ya siku sita za kazi, siku saba zinafika shilingi 16,155, na miaka mitatu 48,465. Akitumia 150,000, miaka mitatu inazidi 121,000. Kwa maoni yangu ya pili ndiyo sahihi pale ambapo chakula kiliandikwa kuwa sehemu ya malipo ya kazi, kwa sababu mwajiri hawezi kukiita mshahara anapokata na kukiita fadhila anapolipa mafao. Akisema chakula kilikuwa ukarimu wa nyumba tu, basi hakukuwa na kitu cha kukata tangu mwezi wa kwanza, na anachodaiwa ni miezi 36 ya makato hayo.